Wakubwa, Shikamooni

Grasiana ndiye anayeitafutia wafanyakazi kampuni yetu ya maziwa hapa Korogwe, na sote tunauogopa ulimi wake. Tangu jana Parsaoti, kijana wa kijiji cha Kang'ata aliyesomea mifugo, alikuwa hapokei simu. Meneja akasema, "Achana naye, mwite mwingine."

"Kijana yuko malishoni. Simu ni ya nyumba nzima!" Grasiana akamkatiza.

Akaandika maneno machache, akafuta habari ya mshahara kwa kuwa hilo ni la Parsaoti peke yake, kisha akarekodi ujumbe wa sauti:

"Wakubwa, shikamooni. Ni Grasiana wa kampuni ya maziwa, Korogwe. Namtafuta Parsaoti kuhusu kazi aliyoomba. Usaili ni Alhamisi saa tatu asubuhi, ofisini kwetu. Aje na vyeti. Hatutozi chochote. Anijibu kwa namba hii kabla ya kesho jioni. Asanteni."

Meneja akacheka. "Wakubwa gani? Umemtumia kijana!"

Jioni ukaingia ujumbe wa sauti, wa bibi mzee anayesema polepole: "Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wakirudi nitamwambia. Atakuja."

Grasiana akafungua mlango wa meneja, akaongeza sauti ya simu, akaucheza tena ujumbe wa bibi tangu mwanzo.