Mifupa Niliyoiweka Bomani

Mama mkwe wangu alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla hajastaafu, na hilo ndilo watu husahau ninapowasimulia kisa hiki. Wanataka awe bikizee anayeogopa paka weusi. Hakuwa hivyo. Alijua alichokuwa akifanya kuliko sisi sote.

Niliolewa karibu na Masara, upande wa Migori, mahali ambapo kila mtu ana jirani anayechimba dhahabu na hakuna anayeonekana kuwa nayo. Mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga mawe, akilala machimboni siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Mimi nilikuwa nasoma chuo cha matabibu mjini Homa Bay, na nilikuwa nimeanguka anatomia. Kilichoniangusha ni mkono. Nilipewa nafasi moja ya kurudia, nisimame mbele ya mtahini nijibu kwa mdomo. Nikianguka tena, ni kufunga virago.

Mkono una mifupa minane midogo kwenye kifundo, safu mbili, minne kwa minne, kabla hujafika kwenye mifupa ya kiganja chenyewe na ya vidole. Hiyo minane ndiyo ilinitesa. Nilikuwa naikariri usiku, asubuhi imeyeyuka. Mkufunzi mmoja alinionea huruma, au labda alichoka kuniona nikilia ofisini kwake, akanifundisha njia. Chagua mahali unapopajua hata ukifumba macho, alisema. Pita mahali hapo kwa mpangilio mmoja usiobadilika, na kila kituo weka mfupa mmoja. Lakini usiuweke mfupa wenyewe, weka picha inayokukumbusha jina lake. Picha iwe kubwa, iwe ya ajabu, iwe ya aibu. Akili haikumbuki adabu, inakumbuka vituko.

Kwetu nilikozaliwa, Kosele, kulikuwa kumebaki vigingi tu, ndugu zangu walikuwa wamebomoa wakagawana mabati. Kwa hiyo boma nililolijua kwa kufumba macho lilikuwa la mume wangu, ambako nilikuwa nimefagia kila pembe mpaka mgongo ukalia.

Nilirudi likizoni nikaanza kuipita njia yangu. Langoni niliweka mtumbwi uliokwama katikati ya miimo, kwa kuwa skafoidi maana yake ni mtumbwi. Kwenye simba ya shemeji, ile nyumba ya kijana wa kiume ambaye hajaoa, nikaweka mwezi mwandamo umelala kitandani na viatu, ndiyo lunati. Jikoni mafiga matatu yalikuwa yakipigana, ndiyo triketramu yenye pembe tatu. Kwenye ghala jogoo alikuwa amekabwa na punje moja ya njegere, ndiyo pisifomu, yenye umbo la njegere. Safu ya kwanza ikaisha hapo. Ya pili ilianzia kwenye tangi la maji: meza kubwa inaelea ndani, baba wadogo wote wameizunguka wanakula, ndiyo trapeziamu, jina lililotokana na meza. Kwenye kamba ya nguo, meza ndogo imebanwa kwa vibanio, ndiyo trapezoidi. Kisha kaburi la baba mkwe mbele ya nyumba. Hapo palitakiwa kapitati, mfupa mkubwa kuliko yote minane, na jina lake linatokana na kichwa. Nikakitoa kichwa cha mzee nje ya saruji, kinaomba chai. Mwisho mlango wa mama mkwe. Hamati ina ndoano. Nikamtundika mama wa watu kwenye ndoano ya bucha kwa ukanda wa gaguro lake.

Sikuona ubaya. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, na mwenye hofu hachagui pa kukanyaga. Kila asubuhi nilitembea nikigusa mwimo, ghala, tangi, nikitaja majina.

"Nyathina, unaongea na nani?" mama mkwe aliniuliza mchana mmoja. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na hakuwa ameniita hivyo zaidi ya mara mbili tatu tangu nije. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua njugu.

Nikakaa nikamweleza. Naona haya hata leo kukumbuka nilivyofurahi. Mwalimu yule alinisikiliza kama hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari ya maana kuliko ile. Akaniuliza kwa nini nisianzie jikoni. Akataka nirudie vituo. Tulipofika kwenye kamba ya nguo akatikisa kichwa.

"Hii ya sita haina nguvu. Umeweka meza, halafu tena meza. Utaipoteza."

"Nitaitafutia nyingine, mama."

"Na kwangu umeweka nini?"

Niliuma midomo. Akanisukuma bega, akasisitiza, mpaka nikasema habari ya ndoano na gaguro. Alicheka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akauliza ya kaburini, nikamwambia.

"Anaomba nini?"

"Chai, mama."

"Hakuwa mtu wa chai," alisema, na akaendelea kuchambua njugu zake.

Siku zilizofuata alinipima. Alikuwa akipaza sauti kutoka dirishani, "Baada ya ghala?" na mimi nikijibu nikiwa na ndoo kichwani. Aliijua njia yote kwa siku chache kuliko mimi. Nilimwambia mume wangu kwa simu kwamba hatimaye mama yake ananipenda, naye akasema, "Si nilikuambia?" Mjinga na mjinga mwenziwe.

Jumapili kabla ya kurudi chuoni, baba wadogo wawili walikuja, na mzee wa kanisa, na mume wangu akaitwa kutoka machimboni. Nilidhani wamekuja kuniombea mtihani. Nilichemsha chai ya kutosha watu wote, nikawapakulia, nikaambiwa nikae chini.

Mama mkwe alizungumza kwa sauti yake ya darasani. Alisema mke wa mwanawe amekuwa akizunguka boma akinong'ona maneno yasiyo ya Kijaluo wala ya Kiswahili. Alisema hataki kumsingizia mtu. "Muulizeni mwenyewe ameweka nini langoni."

Baba mdogo aliye mkubwa kwa umri akanigeukia, akaniita binti wa Kosele kwa Kijaluo. "Nyar Kosele, umeweka nini langoni?"

"Ni masomo, baba. Ni njia ya kukumbuka."

"Nimeuliza umeweka nini."

"Mfupa," nilisema. "Lakini siyo mfupa wa kweli."

"Mfupa wa nini?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Wa mkono. Mkono wa nani? Wa mtu. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo nilivyozama. Mama mkwe alinipitisha kituo hadi kituo, simba, jikoni, ghala, tangi, bila kuruka hata kimoja, na kila alipouliza nilijibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa ndiyo. Nilipokiri kwamba baba wadogo wamo ndani ya tangi wanakula, mmoja wao aliweka kikombe chini akakisogeza mbali.

"Na juu ya kaburi la ndugu yenu?" aliuliza mama mkwe.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama simu yake iliyozimwa.

"Kichwa chake," nilisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Neno jajuok, mchawi, lilitajwa mara moja tu, na lilitajwa na mume wangu, kama swali. "Sasa wewe ni jajuok?" Nilimwambia mama mkwe, mama, si nilikufundisha, si tulicheka pamoja? Akawageukia wazee akasema, "Mnaona? Alitaka na mimi niingie."

Mzee wa kanisa, ambaye ndiye pekee aliyeonekana kuona haya, alisema labda tuombe tu. Baba mdogo mkubwa akakataa. Aliyeweka ndiye atakayetoa. Nikapewa beseni la plastiki, lile ninaloogea, nikaambiwa nianze langoni.

Nilitoa mifupa yangu mbele ya watu. Niliinama, nikashika hewa, nikataja jina kwa sauti, nikaitia hewa ile ndani ya beseni. Skafoidi. Lunati. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua. Kuna mwanamke tuliyekuwa tukienda naye kisimani kila siku, alikuwa amemficha mtoto wake nyuma ya sketi. Triketramu. Pisifomu. Nililia mpaka nikawa sioni. Nikatoka kwenye tangi nikaenda moja kwa moja kaburini, nikapiga magoti.

"Rudi," mama mkwe alisema. "Umeruka moja."

Nilisimama nikamwangalia. Alikuwa ameinua kidole, na midomo yake ilitamka pole pole bila sauti, kama unavyomsaidia mtoto mzito darasani: trapezoidi. Wengine walidhani ana jicho la kuona uchawi. Mimi nilijua kwamba ananisahihisha, na nilimchukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu, hata ndugu zangu waliobomoa kwetu. Nilirudi kwenye kamba ya nguo nikautoa.

Walipomaliza kuomba juu ya beseni tupu, mama mkwe alitaja alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Niape nisiyataje majina yale tena, hapa wala Homa Bay wala popote. "Akiyataja, hata kwa mtihani, amerudi kuyaweka."

"Mama hataki nisome," nilimwambia mume wangu faraghani nyuma ya jiko. "Ni hilo tu. Alikuambia nikimaliza sitarudi. Au siyo?"

"Si uape tu mambo yaishe," alisema. "Kwani chuo ni nini?"

Sikuapa. Niliomba nifikirie mpaka asubuhi, na asubuhi nikaondoka na mkoba wa vitabu na nguo mbili. Hakuna aliyenizuia. Mume wangu alikuwa amekwisha kwenda machimboni.

Chuoni nilijaribu kujenga njia nyingine, kutoka bweni hadi maktaba, lakini muda haukutosha, na picha hazikushika. Ile ya bomani ilishika kupita kiasi. Wazee wale hawakujua kwamba kumtembeza mtu kituo kwa kituo, kila mfupa na jina lake, mbele ya watu, kwa aibu ya kufa, ndiyo marudio bora ambayo mkufunzi yeyote angeweza kubuni. Mtumbwi na jogoo walikuwa wameondoka. Langoni sasa alisimama mume wangu na simu yake. Kwenye ghala yule mwanamke wa kisimani na sketi yake. Kwenye kamba ya nguo kidole cha mama mkwe, na ile ya sita haikunipotea tena.

Mtahini alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Alinisogezea kiganja cha mifupa iliyofungwa kwa waya, akaweka kalamu katikati ya kifundo. "Huu mkubwa ni upi? Na majirani zake kwenye safu hiyo?"

Nikapiga magoti kaburini. Sikuwa na njia nyingine ya kufika. Kapitati, nilisema. Upande wa kidole gumba, trapezoidi. Upande wa kidole cha mwisho, hamati. Akaniuliza kinyumenyume, akaruka, akarudi, na kila aliponipeleka nilikwenda, mbio mbio, ndani ya boma lile.

Nilipita. Jioni nilimpigia mume wangu, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia, na kwa sababu bado nilitumaini. Mama mkwe ndiye aliyepokea.

"Umepita?" aliuliza.

"Nimepita, mama."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Walianza na upi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameuliza kama mwalimu, na mimi, nisiye na akili, nilitaka anisifu.

"Kapitati, mama."

"Kwa hiyo ulienda ukasimama juu ya mume wangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi usirudi," alisema, na sauti yake haikuwa ya darasani tena, alikuwa analia. Kisha akampa mwanawe simu, naye akaikata.