Simu Juu ya Meza ya Tajiri

Shamsi alikuwa karani wa duka Mlandege, na woga wake ulijulikana mtaa mzima. Mchana mmoja simu ililia. Tajiri wake, Bwana Muhsin, akaipokea, akampa, na yeye mwenyewe asiondoke.

Aliyepiga alikuwa wakala wa kuajiri makarani wa kwenda Kuwait.

"Meli inaondoka kesho. Nambie sasa hivi, ndiyo au hapana."

Shamsi alimtupia jicho tajiri wake. Akisema ndiyo, tajiri anasikia na kibarua kimeota nyasi. Akisema hapana, huenda anaipiga teke riziki yake.

"Niandikie kwanza mshahara, muda wa mkataba na nauli. Nikishasoma ntakujibu."

"Meli haingoji barua."

"Basi naiende."

Wakala akauliza anwani. Shamsi hakuwa na sanduku la posta ila la tajiri. Akalitaja kwa sauti ya chini.

Siku ya nne Bwana Muhsin alimwekea barua mezani, imeshafunguliwa. Shamsi akaisoma. Kumbe ilikuwapo meli nyingine, na mshahara ulikuwa mzuri. Nauli ya kwenda ilikuwemo. Ya kurudi haikutajwa. Pembeni mwa mstari wa nauli, kwa penseli nyekundu ya tajiri, palikuwa na neno moja: "Muulize."