Mwalimu Pantaleo na Mtu Aliyening'inia

"Katika fizikia hakuna shimo ambalo Pantaleo hajashuka na kupanda!"

Aliyasema mwenyewe, kwa kipaza sauti cha kuazima parokiani, Siku ya Wazazi mwaka 1982, pale sekondari ya wazazi karibu na Ushirombo. Waliomsikia ni wazazi mia mbili na kitu, katibu kata, wageni wawili wa kamati ya maonyesho ya sayansi kutoka Kahama, na mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko akisubiri pilau. Watu walipiga makofi. Mbuzi peke yake ndiye aliyeonekana kuwa na mashaka.

Pantaleo alikuwa Msumbwa wa pale pale, mwenye kaunda suti moja ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kutawalia. Alifundisha fizikia, hesabu na, mvua zikinyesha, kilimo. Hakuwa mwalimu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuwa peke yake katika somo lake, na mtu akiwa peke yake kwenye mbio hushika namba moja kila mwaka.

Siku ile mwanafunzi wa kidato cha nne, Coletha, alisimama na karatasi yake ya manila. Alikuwa amechora duara kubwa jeusi kwa mkaa, na pembeni yake kijitu kidogo. Mada alipewa na Pantaleo mwenyewe: shimo jeusi la angani, yaani nyota kubwa iliyojiporomokea hadi mvuto wake ukashinda kila kitu, hata mwanga. Maelezo alikwisha kumpa pia, mara moja, darasani. "Upeo wake ni kama mdomo wa duara, lile shimo la wachimba dhahabu kule Nyarugusu," alimwambia. "Unamwona mtu anashuka, anapita mdomo, haonekani. Basi." Mfano ulimpendeza mno, kwa kuwa baba yake Coletha alikuwa mzungusha winchi huko huko Nyarugusu.

Sasa Coletha, mbele ya watu wote, akasema tofauti.

"Upeo si ukuta wala mdomo wa shimo. Huwezi kuugusa. Ni mpaka tu, na mwanga ukiwa ndani ya mpaka huo hautoki tena. Mtu anayeangukia huko, sisi tulio mbali hatutamwona akivuka. Tutamwona anakwenda polepole zaidi na zaidi, saa yake inachelewa, rangi yake inageuka nyekundu, anafifia..."

"Ngoja, ngoja," Pantaleo alimkata, akacheka kwenye kipaza sauti. "Anaanguka, halafu anapunguza mwendo? Ameona nini huko, askari wa trafiki? Kwa hiyo huyo mtu kaning'inia tu pale, kama nyama kwenye bucha?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata katibu kata alivua kofia ili acheke vizuri.

"Mwalimu, nimesoma kwenye—"

"Umesoma vibaya. Binti, usiwadanganye wazee."

Akatoa kalamu nyekundu, akachora mkasi mkubwa, ile alama ya kosa, juu ya manila, kutoka kona hadi kona, ukapita juu ya kijitu na duara lake. Mgeni mmoja kutoka Kahama akaandika kitu kwenye daftari. Nafasi ya kwenda maonyesho ya mkoa, Shinyanga mjini, akapewa mwanafunzi mwingine, Kamili, na jiko lake la pumba za mpunga, ambalo lilitoa moshi kuliko treni.

Baba yake Coletha, Mzee Bujiku, alikuwa amekaa benchi la tatu na shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Aliikunja manila, akamshika binti yake mkono, wakaondoka kabla ya pilau. Msukuma aondoke kabla ya pilau! Pantaleo aliliona hilo, likampita.

Jumatatu dawati la Coletha lilikuwa tupu. Jumanne tupu. Jumatano mwanafunzi mwenzake, Anisia, alileta salamu. "Baba yake kasema mtoto aliyeitwa mwongo mbele ya watu hawezi kurudi kukaa mbele ya watu wale wale. Kamrudisha Nyarugusu. Mtihani hafanyi."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki saba.

Anisia alileta pia jarida la Kiingereza ambalo Coletha aliliazima maktaba ya parokia, lirudishwe kwa padri. Ukurasa mmoja ulikuwa na alama ya unyoya wa kuku. Pantaleo alilifungua akiwa na nia ya kuthibitisha kosa la mtoto. Alisoma akiwa na kamusi, kisha bila kamusi, kisha akachukua chaki akaanza kupiga hesabu ubaoni, katika darasa tupu, saa tano asubuhi, wakati wanafunzi wako shambani.

Hesabu ilikataa kuwa upande wake. Alifuta, akaanza tena. Mtu anayeanguka atoe mmweko wa tochi kila sekunde moja kwa saa yake mwenyewe. Aliye mbali anaupata wa kwanza, wa pili, kisha nafasi kati ya mmweko na mmweko inapanuka: sekunde mbili, tano, dakika, mwezi, miaka. Kila mmweko unafika umechoka zaidi ya mwenzake, kwani umepanda kutoka kwenye mvuto mkali. Mweupe unakuwa mwekundu, halafu unapita wekundu, jicho haliuoni tena. Na ule unaotolewa penyewe, juu ya mpaka, haufiki kamwe. Wakati huo huo mwenye kuanguka hajui lolote. Saa yake inakwenda kama kawaida. Kama shimo ni kubwa sana kiasi cha mvuto wake kutomvuta na kumrarua kwanza, atavuka bila hata kujikwaa.

Chaki ilimvunjikia mkononi. Masikio yakamwaka moto kama yamepakwa pilipili. Alikumbuka bucha na kicheko cha katibu kata. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuna aliyejua. Katika wilaya nzima, wanaojua kwamba Pantaleo alikosea walikuwa wawili, na mmoja alikuwa Nyarugusu.

Hapo ndipo akili yake, kama mwizi aliyekutwa sebuleni, ikatafuta mlango wa nyuma. Ikaupata. Kwa shimo lenye uzito wa nyota ya kawaida, kule kufifia ni kwa haraka mno, chini ya kufumba na kufumbua. Kwa jicho la binadamu, mtu huyo *anatoweka*. Basi si alisema kweli? Alilala na kisingizio hicho siku mbili, akakipiga pasi, akakikunja, na Jumamosi alfajiri akakipakia pamoja naye kwenye lori la pamba hadi Masumbwe, na kutoka pale akadandia lori jingine hadi Nyarugusu.

Alimkuta Mzee Bujiku kwenye winchi, gogo la kuzungusha kwa mikono lenye kamba iliyoshuka gizani. Coletha alikuwa pembeni akipepeta mawe yaliyosagwa, mikono myeupe kwa vumbi. Wachimbaji kama kumi walikuwa wamekaa wakingoja zamu.

"Shikamoo, Baba Coletha."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea njia?"

"Nimekuja tuzungumze. Labda tukae kando kidogo."

"Siwezi kuacha winchi. Silvesta yuko chini. Zungumza."

Kutoka chini ulipanda mlio wa nyundo juu ya moko, ile patasi ya kuvunjia mwamba: *ko... ko... ko...* Bujiku aliusikiliza bila kuonekana anausikiliza.

Pantaleo alitoa kisingizio chake. "Binti yako hakukosea kabisa. Ni suala la namna ya kutazama. Mtu yule, kwa macho ya kawaida, anatoweka haraka. Kwa hiyo mimi nilimaanisha—"

"Kutoonekana si kuvuka, mwalimu," alisema Coletha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Mmoja wa wachimbaji akaguna. "Huyu ndiye aliyesema hakuna shimo asiloshuka? Mpeni kamba!"

Wakacheka. Pantaleo alitazama viatu vyake. Kisingizio kilikuwa kimekufa kifo cha mende, miguu juu.

"Mzee," alisema, na sauti ikamtoka ndogo, "unajuaje kama Silvesta ni mzima huko chini?"

"Kwa mlio. Ukinyamaza, navuta."

"Haya. Sasa fikiri Silvesta anaanguka kwenye shimo la Coletha, anagonga kila sekunde. Badala ya sauti, weka mwanga. Yeye anagonga sawasawa, hajachelewa hata kidogo. Lakini wewe juu unasikia *ko*, unangoja, *ko*, unangoja zaidi. Kila pigo ni dogo kuliko lililopita. Na lile alilogonga pale kwenye mpaka, hulipati. Hutapata mlio wa kukwambia amevuka. Unabaki na ule wa mwisho uliofika, unangoja unaofuata."

Bujiku aliacha kuzungusha. "Siku zote?"

"Siku zote."

"Nimvute kwa kamba."

"Akishavuka, hakuna kamba. Ingekatika, iwe ya chuma iwe ya nini."

Mzee aliitazama kamba. Alikwisha kungoja milio ambayo haikuja. Ilikuwa kazi yake. "Hilo ni jambo baya," alisema hatimaye. "Na ndilo alilosema mwanangu?"

"Ndilo."

"Pale uwanjani?"

"Pale uwanjani. Alikuwa sahihi yeye. Mimi sikuwa nimesoma."

"Unaniambia mimi nini? Mimi sikucheka." Bujiku aliwaelekezea kidevu wale kumi. "Kipaza sauti hatuna, ila watu wapo. Anza na hawa. Wenye pilau utawaambia Jumatatu."

Pantaleo aligeuka. Hotuba zilikuwa chakula chake, lakini hii ilimkwama kama mfupa wa sato. Akasema kwamba alimwita mwanafunzi wake mwongo, kwamba mwanafunzi alikuwa mkweli, na kwamba yeye Pantaleo yako mashimo ambayo hata midomo yake hajaiona. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kicheko. Mchimbaji mmoja alisema tu, "Amina," kama yuko kanisani.

Coletha aliweka ungo chini. "Na Shinyanga, mwalimu?"

"Majina yalikwisha kwenda. Kamili atakwenda na moshi wake. Kamati imekwisha kufunga daftari. Hilo siwezi kulirudisha."

Coletha aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali jibu la hesabu asilolipenda.

"Jumatatu atakuja," alisema Bujiku. "Mtihani atafanya. Lakini picha yake uliiharibu." Aliingia kibandani akatoka na ile manila. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mkasi mwekundu ulikuwa umevujia upande wa pili. "Itundikwe mpya, darasani, pale wewe unaposimamia."

Jumapili, akirudi, Pantaleo aliteremka Masumbwe na kungoja ibada iishe ndipo duka la Mwahija lifunguliwe. Mwaka ule wa uhaba hata sabuni ilikuwa ya kujuana. Mwahija alichungulia nje kwanza, akatoa karatasi moja kutoka chini ya magunia.

"Ya mwanafunzi?"

"Ya mwalimu," alisema Pantaleo.

Mwahija akataja bei: manila nyeupe, moja, shilingi kumi na tano.