Pampu Iliyofika Kabla ya Jibu

Nilisoma namba mbili kubwa kwenye brosha ya rangi, nikaona zote mbili zimepita zile tulizoomba, nikafunga faili nikaenda kunywa chai. Huo ndio upumbavu wangu. Nimeuweka hapa mwanzo kabisa kwa sababu najijua: ningeuacha hadi katikati, ningeupamba mpaka uonekane ni bahati mbaya.

Nilikuwa karani katika ofisi ya injinia anayesimamia mradi wa maji hapa Karagita. Ofisi ilikuwa kontena la bluu kando ya kisima, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Nilichukua hiyo kazi kwa ajili ya hizo dakika kumi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Naivasha mjini naenda nikilazimika, na Nakuru naenda kama mtu anayepelekwa kortini. Cheti changu ni cha kidato cha nne, na katika fizikia nilipata gredi ambayo mama alikunja karatasi akaiweka chini ya godoro bila kusema neno.

Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi za kontrakta, kugonga muhuri wa tarehe, kuandika kwenye rejista, na kuzipeleka kwa Injinia. Kabla ya kununua kifaa chochote, kontrakta huleta maelezo yake kwanza. Injinia anayapima dhidi ya kile kilichoandikwa kwenye mkataba, kisha anajibu kwa barua: sawa, rekebisha, au imekataliwa. Mkataba wetu ulimpa siku kumi na nne. Akinyamaza hadi zipite, kontrakta anaruhusiwa kuendelea kama aliyekubaliwa. Hicho kipengele nilikuwa nimekichapa mimi mwenyewe kwa vidole vyangu.

Mwezi wa kumi mwaka jana, kontrakta akaleta maelezo ya pampu. Ile iliyotajwa kwenye mkataba, alisema, inachelewa kufika nchini, kwa hiyo ameleta nyingine iliyo "sawa au bora". Sisi tuliomba pampu ya kusukuma kyubiki, yaani mita za ujazo, arobaini na tano za maji kwa saa hadi kimo cha mita tisini na mbili. Brosha ikasema: hadi kyubiki themanini! Hadi mita tisini na nane! Mimi na fizikia yangu ya chini ya godoro tukaona ni sikukuu. Injinia alikuwa Nakuru wiki hiyo, katika ofisi kuu ya Milimani. Badala ya kumtumia hiyo karatasi, nikaitia kwenye faili ya mambo ya kujua tu, yasiyohitaji jibu. Halafu, ili ujinga ukamilike, jioni nikamwambia jirani yangu.

Jirani huyu anapanga chumba kilichopakana na changu, mstari wa nyumba ulio juu kabisa mlimani, mahali ambapo mfereji hukohoa hewa tangu tulipohamia. Anafunga maua kwenye shamba moja kando ya ziwa, anasimama kutwa nzima, kisha anarudi kupanda mlima na mitungi. Ana watoto watatu na mgongo unaomsumbua.

"Madam Ofisi," akaniuliza, kwa maana hivyo ndivyo anavyonitania, "hiyo pampu yenu itafika huku juu ama itaishia kwa wale wa barabarani?"

"Itafikisha maji na mengine yabaki," nikasema. "Ni kubwa kuliko ile tuliitisha."

"Uniapie."

Nikaapa. Nakumbuka nilinyanyua na kidole.

Siku ya kumi na tatu lori likaingia na kreti la mbao. Watu wakasimama kando ya barabara kuangalia, na kina mama wawili wakapiga vigelegele. Mimi pia nilitoka na kikombe changu nikitabasamu kama bi harusi. Injinia, mama mmoja mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alishuka kwenye gari lake, akasoma kibati kilichopigiliwa kwenye kreti, akakisoma tena.

"Hii nani aliikubali?" akauliza.

Meneja wa kontrakta alikuwa ameegemea lori akitafuna njugu. Akaangalia simu yake. "Bado hakuna aliyekataa, Injinia. Na kesho ni siku ya kumi na nne."

Nilienda kuitoa ile faili na nikaiweka mezani kwake kwa mikono miwili, kama mtoto anayerudisha sahani aliyovunja.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alifungua brosha hadi ukurasa wa nyuma, ule ambao sikuwa nimefika, palipokuwa na grafu. Akachukua rula na penseli.

"Wewe ukipanda huu mlima mikono mitupu, unafika?"

"Nafika nikihema."

"Na hapa kwa tambarare unaweza kubeba mitungi mitatu?"

"Nikisaidiwa kuinua."

"Sasa panda mlima na mitungi mitatu."

Nikatikisa kichwa.

"Basi hata hii pampu," akasema. "Mita tisini na nane ni wakati valvu imefungwa, haitoi hata tone. Kyubiki themanini ni wakati haipandishi maji mahali pa maana. Mkataba unataka vyote viwili kwa saa ileile: arobaini na tano, na tisini na mbili."

Akaweka rula kwenye arobaini na tano, akapandisha hadi akagusa mstari wa pampu, akaenda kando kusoma. Mita sabini na moja. Kutoka maji yalipo ndani ya kisima hadi mdomo wa tangi letu mlimani ni mita sabini na nane. Na bomba lenyewe, kwa urefu wake na kona zake, linakula mita nyingine kumi na nne maji yakipita kwa kasi hiyo. Hata mimi niliweza kujumlisha.

"Kwa hivyo haitafikisha kabisa?"

"Itafikisha. Hiyo ndiyo shida." Akachora mstari wa pili, wa kile ambacho mlima na bomba vinadai, ukaanzia sabini na nane ukapanda. Mistari ikakutana karibu na kyubiki thelathini na moja. "Itafikisha kidogo. Siku ya kufungua, watu watapiga makofi, picha zitapigwa, kontrakta atalipwa aende. Halafu nyumba za mistari ya chini zitachota, na tangi halitawahi kujaa. Wa mwisho kupata watakuwa nani?"

Alijua ninapolala.

Aliandika barua, mimi nikaichapa. Ilikuwa fupi. Ilitaja karatasi iliyoletwa na tarehe yake, ikaeleza kilichotakiwa na kilichosomwa kwenye grafu ya mtengenezaji mwenyewe, ikaonyesha mistari miwili inakutana wapi, na ikasema kwamba upungufu ni karibu theluthi ya maji. Imekataliwa. Kontrakta alete pampu iliyotajwa, au nyingine yenye grafu inayopita kwenye nukta ile au juu yake. Mwisho ikasema kwamba kifaa kufika uwanjani hakumaanishi kimekubaliwa.

Meneja aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akairudisha.

"Injinia, tuiendeshe masaa mengi. Badala ya kumi, iende kumi na nne na nusu. Maji ni yaleyale."

"Stima ya hapa unajua wewe inavyopotea," akajibu. "Na kisima nacho kinapumzika saa ngapi?"

"Sawa. Lakini mimi siwezi kupokea barua. Muhuri uko Nakuru, kwa ofisi yetu." Akanigeukia mimi na tabasamu dogo. "Na hawa watu wako wa juu, mathe, wataambiwa ni nani amerudisha pampu yao. Mimi nitawaambia vizuri tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuagiza mkate.

Kesho yake, siku ya kumi na nne, nikapakiwa kwenye gari la Injinia, mimi, dereva wake na nakala tatu za barua. Mkataba ulitaja ofisi ya kontrakta kule Nakuru kuwa ndiyo anwani ya barua zote. Njia nzima nilishika bahasha kifuani. Gilgil tulikuta barabara imefungwa kwa lori lililolala ubavu, tukakaa hapo karibu masaa mawili, na mimi nikawa nahesabu dakika na kuomba msamaha kimoyomoyo kwa kila mtungi niliowahi kuona.

Tulifika saa kumi na robo alasiri. Ofisi yao ilifungwa saa kumi na moja. Sekretari alikuwa anajipaka mafuta ya mikono.

"Mwenye muhuri ametoka," akasema. "Njoo kesho."

"Dada, kesho ni siku ya kumi na tano."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Andika tu 'nimepokea', jina lako, tarehe na saa. Mwenye muhuri akirudi ataikuta hapa."

Akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, na viatu vyangu siku hiyo vilikuwa vile vya kufagilia uwanja. Simu yake ikalia. Akajibu "ndiyo boss, wako hapa," akasikiliza, akanitazama tena. Sijui aliambiwa nini. Nilichukua kiti, nikakikalia kwa uzito wangu wote, na Mungu hakuninyima uzito.

"Mimi ni mtu wa nyumbani," nikamwambia. "Nikikaa mahali, sitoki."

Saa kumi na moja kasoro dakika sita akaandika.

Tuliporudi siku iliyofuata kreti lilikuwa linafungwa kamba kwenye lori, na safari hii watu walikuwa wengi zaidi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Meneja alikuwa ametimiza ahadi yake, kwa sababu nilipopita njia ilinifungukia yenyewe na mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja ambaye hunisalimia kila asubuhi aliinama akafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Pampu ile nyingine, kontrakta alikuwa amesema, itachukua wiki kumi na mbili tangu kuagizwa. Hiyo ni Januari, jua likishaanza kukausha hata matope.

Jirani yangu alikuwa kwenye ngazi ya mlango wetu, ameketi katikati ya mitungi yake mitupu. Nilichuchumaa hapo nikamweleza yote: faili, brosha, kile kiapo changu, mlima na mitungi mitatu, mistari inayokutana thelathini na moja. Nikamwambia maji yangeishia chini, yeye na mimi tungebaki kusikiliza mfereji ukikohoa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akishika mgongo, akapanga mitungi sita mbele ya mlango wangu, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi mita zako sizijui," akasema. "Uliniapia pampu ikaja, na wewe ndiye umeirudisha. Januari kukiwa kavu, hii mitungi utajaza wewe, na mgongo utakuwa wako."