Wakati Gani Ulitamani Kuinuka Mezani

Daktari alituambia kwamba upasuaji ungeondoa uvimbe wa kooni pamoja na sauti, na kwamba kama kulikuwa na maneno ya kuhifadhi, tuyarekodi mapema. Tulirudi nyumbani Gesima. Mke mwenye akili angemrekodi mumewe akiwabariki watoto. Mimi nilimwambia nitamhoji kuhusu mchezo wake, kwa sababu jambo lingine lolote ningeligusa tungelia, na kulia kulikuwa kumetuchosha.

Ni mchezo wa mezani, wa watu wanne. Kila mmoja ana shamba la majani chai. Zamu yako ikifika unachagua jambo moja: kuchuma, kubeba majani hadi kituo cha kununulia, au kuajiri mchumaji. Lori la kiwanda huja linapotaka, jinsi lilivyo kwetu, na majani yaliyochumwa mapema hunyauka yakilingoja. Anayeuza mengi ndiye mshindi. Mume wangu aliutunga kwa miaka mingi juu ya katoni za sabuni zilizokatwa, na kanuni zake alikuwa ameziandika, lakini nusu ya mchezo ilikaa mdomoni mwake. Nilichotaka mimi ni hicho tu: uweze kuchezwa siku ambayo hatakuwa na la kusema.

Niliweka simu mezani nikaanza kwa lile swali la kila mtu. Ulipata wapi wazo la mchezo huu? Akanijibu kama anayetoa ushuhuda kanisani: utoto, shamba la babake, neema ya Mungu. Halafu akajikatiza mwenyewe kwa kicheko kilichogeuka kikohozi.

"Mama, hiyo swali ni ya harusi. Ukiuliza hivyo hutatoka na kitu."

"Basi niulize nini?"

"Uliza nimetoa nini. Uliza penye ilianguka."

Mimi kwetu ni upande wa ziwa, Ekegusii changu, lugha ya kwao, ni cha kusalimia, kwa hiyo sisi wawili tumeoana kwa Kiswahili na tunagombana kwa Kiswahili. Nikamuuliza hivyo hivyo, kwa ukali kidogo: kitu gani ulikipenda ukakitoa?

Akasema dadu. Mwanzoni lori liliendeshwa kwa dadu, hadi mamake, Msabato wa kweli, alipozikuta mezani akazitupa chooni, akisema kamari haitalala nyumbani mwake. Baada ya hapo mume wangu akatumia mfuko wa mahindi na maharagwe. Ukitoa hindi, lori linasogea. Ukitoa haragwe, mvua inanyesha na lori linakwama. Njia hiyo nayo ikaanguka vibaya, maana hakuna mtu Gesima ambaye vidole vyake havijui hindi na haragwe gizani. Kila mtu alichomoa alichotaka kwa uso wa utakatifu. Ndipo akahamia vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi kwa ndani, vyote sawa mkononi.

"Na kosa kubwa zaidi?"

Alisema kila mara hujaribu peke yake kwanza, anacheza mikono yote minne akihama kiti hadi kiti, na akibadilisha kanuni hubadilisha moja tu, asije akashindwa kujua ni ipi iliyoponya au kuua. Baada ya hapo huwaita jamaa. Sasa kwa jamaa, mkubwa ndiye huanza, na hakuna kijana atakayemtangulia amu yake kwenye lori. Amu akawa anashinda daima. Mume wangu akaamua kwamba anayeanza ana faida kupita kiasi, akampunguzia majani. Akarekebisha hivyo karibu mwaka mzima. Alipowapelekea wageni, kila aliyeanza alishindwa, bila huruma.

"Nilikuwa napima heshima," akasema. "Nikafikiri napima mchezo."

Hapo ndipo aliponifundisha swali ambalo hadi leo nalichukia. "Usiulize mtu kama ameipenda. Jamaa watakupa chai ya sukari. Uliza: ni wakati gani ulitamani kuinuka? Kila mtu ako na huo wakati. Akisema hakuna, anakudanganya."

Nikamuuliza la mwisho. Wewe ukiwa hupo, nani ameucheza?

Akatazama katoni. "Hakuna."

Tulienda Nyakoe wiki hiyo hiyo, kwenye hoteli moja karibu na soko, tukawanunulia chai na mandazi vijana wanne wa bodaboda waliokuwa wamekimbia mvua. Masharti yalikuwa kwamba wasome kanuni wenyewe, na yeye akae meza ya pili amefunga mdomo. Atazame tu wapi mkono unasita, wapi mtu anarudi kusoma mara ya pili. Hata chai haikuwa imepoa akapaza sauti: "Hapana, hapana! Lori hairudi nyuma!" Akavuta kiti. Punde akawa yeye ndiye lori, yeye ndiye karani wa kituo anayekataa majani kwa kudai yana mashina, na vijana wakacheka hadi mwenye hoteli akaacha kazi yake akaja kutazama. Nilichukia kuona jinsi mambo yalivyonoga. Walikuwa wakicheza na yeye. Katoni ilikuwa kisingizio.

Naye alikuwa ameona. Tukiwa njiani kurudi alisema mtunzi akikaa mezani huwa ni kanuni ambayo haijaandikwa, na ni mpaka aondolewe ndipo utajua kama kuna mchezo. Nilimwambia tuna muda wa kuandika upya. Hatukuwa nao. Tarehe ya hospitali ilifika, na alichomaliza ni kurasa za kwanza.

Aliporudi nyumbani alikuwa na tundu shingoni na skafu juu yake. Alipopata nguvu kidogo nikampeleka hadi Nyakoe, hoteli ile ile, vijana wengine. Nilidhani nimekuwa mwerevu: mtu ambaye kazi yake yote ilihitaji kunyamaza, sasa amenyamazishwa. Akakaa meza ya pili. Vijana wakasoma kanuni, mmoja kwa sauti, kama mtihani. Wakachuma. Wakabeba. Mmoja akalirudisha lori nyuma na hakuna aliyemzuia. Mume wangu akainua mkono, akaushusha. Walimaliza mchezo mzima kwa adabu, wakamwambia, "Iko poa sana, mzee," kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio nayo yalikatwa.

Nikamfuata mmoja hadi kwenye pikipiki yake nikamuuliza alitamani kuinuka wakati gani.

"Hapo tu mwanzo, madam. Sote. Lakini tuliona mzee ni mgonjwa, tukasema tumalize."

Kwa hiyo hata wageni wamekuwa jamaa. Hakuna tena mahali pa kuupima, na niliporudi ndani sikuhitaji kumweleza, kwani alikuwa tayari anakusanya vifuniko.

Katoni iko chini ya kitanda. Chai yetu inachumwa na watu wengine. Mimi namsafishia tundu asubuhi na jioni, namsagia chakula, namkasirikia mbu akimkaribia shingoni, namkasirikia yeye pia, halafu naona haya. Majuzi, nikiosha mirija yake ya shingoni kwenye beseni, alichukua simu yangu akaitafuta ile rekodi. Sauti yake ikajaa chumba, nzima, yenye kukohoa. Nilidhani anajisikiliza tu. Lakini alikuwa akitafuta mahali fulani, akipeleka mbele, akirudisha.

*Ni wakati gani ulitamani kuinuka?*

Akasimamisha hapo, akaninyooshea kidole.

Mikono yangu ilikuwa majini. Nikamwambia hakuna, baba watoto, hakuna hata siku moja.

Akatikisa kichwa polepole, jinsi alivyowatikisia jamaa wote waliomwambia hakuna, akarudisha nyuma, akaicheza tena.