Makosa Sifuri

Khadro hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa ofisi yetu ya ghorofa ya pili, Buruburu, akaenda moja kwa moja hadi meza ya Muhonja, akaiweka simu yake mbele yake kwa kishindo.

"Soma hapo. Imeandikwa nini?"

Muhonja akasoma. Agizo la tarehe ishirini Septemba, bidhaa thelathini na nne, insulini ikiwemo. Pembeni, kwa rangi ya kijani: *Imetumwa*.

"Imetumwa wapi? Kuzimu?" Khadro alikuwa na duka la dawa Majengo, na sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za soko la Gikomba. "Nimepiga simu hapa mara sita. Mara sita naambiwa mtandao wangu mbovu. Kuna mzee wangu, mteja wa miaka kumi na moja, alikuja kuchukua insulini nikamwambia ngoja, inakuja kesho. Akangoja. Leo ni siku ya tisa amelazwa!"

Muhonja alikuwa na miaka ishirini na saba, binti wa mfanyakazi wa reli, mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa Tena. Ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya apu ambayo maduka ya dawa hutumia kuagiza bidhaa kutoka ghala letu. Alimtafutia Khadro kiti. Khadro akakataa kukaa.

Mkuu wa teknolojia, Bwana Ooko, akatoka chumba chake cha ofisi. Nyuma yake Madam Shamso, mwenye kampuni.

"Fungua logi, zile kumbukumbu za tarehe ishirini," Shamso akasema.

Muhonja akafungua. Tumejiandikisha kwa huduma ya nje inayopokea taarifa kila apu inapokosea, nayo kila taarifa huiita tukio. Siku ile haikuwa na tukio hata moja. Wiki nzima ilikuwa tupu.

Ooko akacheka puani. "Karibu mwezi wote ule dashibodi, ukurasa wa hesabu ya makosa, ilionyesha sifuri. Sasa hata kumbukumbu zenyewe hazipo. Watu wawili tu wana ruhusa ya kufuta hapa. Mimi na huyu. Na mimi sikufuta."

"Bwana Ooko, unasema nimefuta?"

"Nasema kama ningekuwa nimeharibu kitu, nami ningefuta."

Muhonja aliniambia baadaye kwamba alitaka kubeba mkoba wake aende zake. Hakwenda. Alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Madam, leo ni tarehe ishirini na nne Oktoba. Mpango tunaolipia kwenye huduma hii unahifadhi matukio siku thelathini tu. La tarehe ishirini Septemba, hata kama lilikuwepo, lingekuwa limeshajifuta lenyewe. Na logi za seva yetu hazikai zaidi ya siku saba."

"Kisingizio rahisi," Ooko akasema.

"Sijamaliza. Matukio hufutika, lakini hesabu yake hubaki siku tisini." Akafungua ukurasa wa matumizi. Ulikuwa na michoro ya kila siku: mstari wa kijani wa matukio yaliyopokelewa, na mwekundu wa yaliyokataliwa. Hadi tarehe nane Septemba, kijani kilikuwa kifupi, mia tano au mia sita kwa siku. Tarehe tisa kikapanda kama mnara. Kuanzia tarehe kumi hapakuwa na kijani kabisa. Nyekundu tupu, laki mbili, laki tatu kwa siku, hadi mwisho wa mwezi.

"Nieleze kama mtu asiyesoma kompyuta," Shamso akasema.

"Tunaruhusiwa kwota ya matukio elfu hamsini kwa mwezi. Tarehe tisa tulitoa toleo jipya. Simu za zamani, kama arobaini hivi, zikashindwa kufungua picha za dawa. Zikawa zinajaribu tena kila sekunde tano, na kila zikishindwa zinatuma tukio. Ni karibu elfu ishirini na tisa kwa saa. Kwota ya mwezi iliisha kabla ya saa mbili kwisha. Baada ya hapo kila kosa, liwe la picha au la agizo la insulini, lilikataliwa mlangoni. Huduma haikuliandika popote. Hata tukinunua mpango mkubwa leo, halirudi."

"Kwa hiyo ile sifuri..."

"Haikuwa sifuri, Madam. Tulikuwa vipofu. Tarehe moja Oktoba kwota mpya ikaja, simu zilezile zikaimaliza asubuhi ileile."

Ooko akaegemea ukuta. "Wewe huoni barua pepe za onyo kwamba kwota inaisha?"

"Zinakuja kwako. Kwota ikifika asilimia themanini, na ikifika mia, zote huja anwani yako." Akafungua historia ya mipangilio, akasoma bila kupandisha sauti. "Kinga ya mawimbi, ile inayotupa matukio yanapofurika ghafla ili kwota isiishe mara moja, ilizimwa tarehe nane Septemba. Aliyeizima ni wewe."

"Nilitaka kuona kila kosa siku ya uzinduzi!"

"Nilikuandikia Agosti. Nikasema makosa ya picha tuchukue sampuli, moja kwa kila mia, lakini ya maagizo tusiguse hata moja. Ulinijibu neno moja. *Hapana*."

"Usinifundishe kazi, msichana wewe."

"Nyamazeni nyote wawili!" Khadro akapiga meza. "Namba zenu hazinihusu. Agizo langu lilipotea vipi?"

Hapo Muhonja angeweza kuishia. Alikuwa ameshajisafisha. Badala yake akamwomba Khadro abonyeze *Agiza tena* kwenye lile agizo la zamani, naye akafungua logi ya seva ikawa inatiririka kwenye skrini. Khadro akabonyeza. Simu ikasema *Imetumwa*. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja: agizo limekataliwa, bidhaa zimezidi thelathini.

Muhonja akaunyoshea kidole mstari ule.

"Kikomo hicho nilikiweka mimi," akasema. "Kwenye toleo la tarehe tisa. Nilidhani hakuna duka linaloagiza zaidi ya thelathini. Na nilisahau kuiambia simu kwamba agizo limekataliwa. Kosa ni langu. Nilipoona dashibodi kimya Septemba, nilifurahi. Sikuuliza."

"Si nilisema!" Ooko akadakia.

"Ulisema nimefuta," Muhonja akamjibu. "Sikufuta."

Aligeuka kwa Khadro. "Mama, nisamehe."

"Samahani yako kampe mzee, wadi ya wanaume," Khadro akasema, akachukua simu yake akatoka. Wiki ile akahamia kwa wauzaji wengine, na maduka matatu ya Majengo yakamfuata.

Jioni ile Muhonja alirekebisha kikomo na picha. Akawasha kinga ya mawimbi na kuweka sampuli kwa makosa ya picha peke yake. Makosa ya maagizo akayatengea mradi wake na kwota yake, ili kelele za wengine zisiyameze tena. Shamso akalipia uhifadhi wa siku tisini na kuelekeza barua pepe za kwota kwa watu watatu. Kisha akampa Muhonja barua ya onyo, na Ooko akapewa ya aina hiyohiyo. Neno "kufuta" halikutajwa, wala hakuna aliyemwomba Muhonja radhi kwa kulisema.

Jumamosi alikwenda hospitali kumtafuta yule mzee. Aliambiwa ameruhusiwa tangu juzi. Akampigia Khadro kumwuliza anakoishi. Khadro aliisikiliza sauti yake, akaitambua, akakata simu.

Ooko bado anakaa chumba kilekile. Hawasalimiani. Akitaka kitu, humtumia barua pepe, na Muhonja humjibu kwa barua pepe, mita nne kutoka alipo.