Kahawa ya Kabatini

Nyumba yetu ya mtaa wa Murara ilikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati hilo kulikuwa na mfuko wa kahawa ambao haukuruhusiwa kuguswa. Mume wangu aliununua dukani kwa Mgiriki mwaka tuliooana, kahawa iliyokwisha kukaangwa, akauweka katikati ya vikombe vyeupe ili kila anayeingia auone. Mdomo wa mfuko aliukunja nusu tu, kwa makusudi, ili harufu itoke. Harufu ilitoka kweli. Ilitoka yote ikaisha, na mfuko ukabaki palepale.

Hatukuwa tunakunywa kahawa. Asubuhi tulikunywa uji, kama watu. Lakini mume wangu alikuwa karani, na alikuwa akiomba ile kadi ambayo sisi sote tuliiita karte, ya Mwafrika aliyekubaliwa kuwa amestaarabika. Mwenye karte aliweza kutembea jioni mitaa ya wazungu bila kuulizwa, akasimama dirishani ofisini bila kusukumwa. Watu wa territoire, ofisi ya wazungu ya wilaya, walipomhoji nyumbani kwake wanakunywa nini asubuhi, alijibu bila kupepesa macho: kahawa. Kila siku. Pamoja na mke wangu, mezani.

Tangu hapo niliishi ndani ya jibu lile. Nilipelekwa foyer, darasa la wazungu la kuwafundisha wake utunzaji wa nyumba. Mkeka uliondolewa sebuleni, nikakaa kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka hadi kiuno kikaniuma. Kwenda ziwani kufua na wenzangu nikakatazwa, kwa sababu mwanamke wa karte hafulii nguo juu ya mawe huku akicheka na kila mtu. Mama yangu alipokuja kutoka Sake na ndizi zake kichwani, alikaribishwa jikoni, nyuma, na kabla ya jua kuzama akarudishwa. Nilikuwa na mtoto mgongoni na ua la kutembea lenye ukubwa wa shuka mbili. Nilikuwa nimefungwa, nasema hivyohivyo, ingawa mlango ulikuwa wazi siku zote.

Tumaini langu lilikuwa moja. Maombi yake yalikuwa yamekwisha kukataliwa mara moja, na baada ya hapo, kwa uchungu, mume wangu aliniahidi kwamba wakikataa tena ataacha ukarani, tutahamia Sake, akafanye kazi katika duka la mjomba wake. Sake, ng'ambo ya Mugunga, karibu na mama yangu. Aliapa mbele ya mama huyohuyo. Kwa hiyo yeye aliomba Mungu wakubali, na mimi, kando yake katika benchi lilelile la kanisa, niliomba Mungu wakatae.

Jumamosi moja alasiri mume wangu alirudi kutoka kazini akitembea upesi, akaniambia:

“Mama, kesho kisha misa bazungu banakuya. Ule muzee wa territoire na madame wa foyer. Utabapatia kahawa.”

“Kahawa gani, Papa?”

Akanyoosha kidole kabatini kana kwamba nimeuliza jua liko wapi.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi ya kuchagua kahawa katika depo karibu na bandari. Tulikuwa wanawake wengi, kila mmoja na ungo wake, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizoota kuvu. Huko nilijifunza kwamba mfuko haupimwi kwa juu. Unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, unatoa punje za chini kabisa, unazifumba ndani ya viganja viwili, unazipulizia pumzi ya moto kisha unanusa upesi. Pumzi inaamsha kila kitu. Kahawa mbichi iliyo nzima inanukia majani makavu. Mbovu inanuka chini ya kitanda kisichofagiliwa.

Nilizipulizia punje za kabatini. Zikanuka mawese yaliyosahauliwa chunguni. Mafuta yaliyo ndani ya kahawa iliyokaangwa huchacha yakikaa na hewa muda mrefu, na haya yalikuwa yamekaa tangu arusi yangu. Nikazimwaga kwenye ungo, nikazitandaza mbele ya dirisha. Zilikuwa kavu, zikalia vizuri kwenye ungo. Hakuna zilizoshikana, hakuna unga mweupe, hakuna utando, hakuna harufu ya udongo. Nikapika kidogo, nikaonja. Ilikuwa chungu bila utamu wowote nyuma yake, na mafuta ya zamani yalibaki ulimini. Mbaya, lakini ubaya wake uliishia mdomoni. Isingemdhuru mtu.

Mume wangu naye akaonja, akatema dirishani.

“Hii, mutu akiikunywa atajua hatukunywaka kahawa hapa!”

Hapo alisema kweli tupu. Nyumba inayokunywa kahawa kila siku haina kahawa iliyochacha. Mgiriki alikuwa amekwisha kufunga, na Jumapili hafungui. Majirani zetu walikuwa watu wa uji kama sisi.

Ndipo akakumbuka gunia. Binamu yake wa Rutshuru alikuwa ametuletea gunia dogo la kahawa mbichi kutoka shambani kwake, na mume wangu akalisimamisha katika pembe ya chumba, chini kwenye saruji, ukutani ambapo mvua huvuja. Akalivuta hadi katikati ya sebule akiwa amechangamka sana. Tutakaanga mpya, akasema, nyumba nzima inukie, wazungu wasikie harufu tangu barabarani.

Kwa juu zilikuwa nzuri. Nikaingiza mkono. Chini mkono wangu ulikuta baridi, halafu mabonge. Nilipoutoa, punje zilikuwa zimeshikana, zimepakwa unga wa kijivu na kijani, nyingine na madoa ya manjano. Nikaiuma moja. Haikuvunjika, iliingia meno. Sikuhitaji hata kupuliza, lakini nilipuliza, na udongo wa mvua ukanijaa puani.

“Papa, imeoza. Ona, kuvu.”

“Kidogo tu. Chagula zenye ziko muzuri za juu, ukaange sana. Moto inauwa yote.”

“Moto inauwa kuvu. Ile mubaya yenye kuvu iliacha ndani, moto haitoe. Na gunia ni moja, ile vumbi imepanda mpaka juu.”

“Unajua kuliko moto?”

“Kule depo, gunia ya hivi hatukuwa tunachagula. Ilikuwa inatupwa yote.”

Nilimwambia juu ya mwenzangu mmoja wa depo aliyebeba takataka za kuvu kwao, akazikaanga mpaka zikawa makaa, akanywa na watoto, wakaugua matumbo wote. Labda ilikuwa kahawa, labda maji ya ziwa, sijui mpaka leo. Siku hizi wajukuu wangu waliosoma wananiambia kuvu huacha sumu ambayo kukaanga hakuimalizi yote. Sisi hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na pua.

Tuligombana alasiri yote, kwa sauti ya chini, kwa sababu watu waliostaarabika hawapigi kelele. Kisha akatoka kwenda kuazima koti. Na mimi nikabaki na mifuko miwili: mmoja ungeficha uongo wetu na kuhatarisha wageni, mwingine ungewaacha wazima na kutufichua. Tena nitasema lote. Ule wa kutufichua ndio ambao ungenipeleka Sake. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Mara moja katika maisha yangu, jambo la haki na jambo la tamaa yangu yalikuwa ndani ya mfuko mmoja.

Lile gunia sikuweza kulizika. Kule kwetu ukipiga jembe linakutana na jiwe la volkano na kukurudishia mkono. Nikalibeba hadi chooni, nikalimwaga lote shimoni, mtu asije akaliokota akadhani ameneemeka. Mume wangu aliporudi alikuta gunia tupu limetandazwa uani. Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti chake akaniuliza mara moja tu, “Unanichukia?” Jibu lilikuwa refu, nikaenda kuosha vikombe.

Jumapili walikuja. Mzee wa territoire alitazama shuka, vijiko na choo, akachoka mapema, akakaa. Madame alikuwa mwanamke mnene mwenye macho mapole, ambaye macho hayo hayakuacha kitu. Nilileta kahawa ya kabatini katika vikombe vyeupe. Mzee akanywa huku akiongea na mume wangu, sidhani kama aliisikia. Madame akanywa mara moja, akashusha kikombe taratibu.

“Mama, hii kahawa iko ya zamani, hapana?”

Mume wangu alikuwa na tabasamu ambalo halikuwa na mtu ndani yake. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

“Ya zamani sana, Madame. Hatukunywaka kahawa. Tulikuwa na gunia ya mupya, ilikuwa na kuvu, nimetupa. Hii iko mubaya mudomoni tu. Nimeonja mbele, haitakuumiza.”

Mtoto akaacha hata kunyonya kidole. Madame akaomba kuona gunia tupu. Nikamletea. Akalipindua nje ndani, akanusa pembe ile ya chini, akauliza nilijuaje, nikamwonyesha namna ya kupuliza viganjani. Akajaribu mwenyewe kwa punje za kabatini, akakunja pua, akacheka. Kisha akamgeukia mzee, akasema Kifaransa kirefu. Nilishika neno moja tu, propre, kwa sababu kule foyer walilirudia kila siku. Safi. Mume wangu, aliyeelewa yote, alikuwa ananitazama kama mtu aliyeokotewa pochi.

Baada ya wiki chache karte ikatoka. Mume wangu alinitafsiria alichosema Madame: kwamba wanaume wengi wamemdanganya na vijiko vipya, lakini nyumba yenye mwanamke anayemwaga gunia zima ili mgeni asiugue ni nyumba iliyo tayari. Tena alitaka nyumba yetu iwe ya mfano. Angekuwa analeta wanawake wengine waje waone, siku yoyote, bila kutuarifu, kwa hiyo ingefaa nisitoketoke.

Sake haikutajwa tena. Mama yangu nilimwona wakati wa sikukuu.

Asubuhi baada ya karte kutoka, mume wangu aliamka kabla yangu. Alikuwa amenunua kahawa mpya kwa Mgiriki, akaipika kwa mkono wake, yeye ambaye hakuwahi kuwasha jiko, akanivutia kiti, akaniwekea kikombe mbele. Macho yake yalikuwa na shukrani ya kweli, na hilo lilinikata maini kuliko ugomvi. Nikainamia kikombe, nikapuliza, nikanusa. Nilitafuta udongo. Nilitafuta mawese ya zamani. Nilitafuta kasoro yoyote ambayo ingeniruhusu kusema hapana, nikiwa na pua ambayo haikuwahi kukosea. Kahawa ilikuwa nzuri kabisa. Nikanywa.